Kikombe cha 27

Ukipita nje ya shule nyingi za mijini saa ya mapumziko utakuta biashara ndogo ndogo zimejipanga ukutani: ubuyu, maembe mabichi ya chumvi na pilipili, mihogo ya kukaanga, kashata, ndoo ya juisi. Mwulize muuzaji siku imekwendaje, atakutajia fedha alizoshika. Mwulize faida ni kiasi gani, na mara nyingi atakutajia fedha zilezile. Biashara nyingi za mtaji mdogo zinafia hapo, na mwenyewe asijue zimeuawa na nini.

Ili jambo hili lionekane vizuri nimetunga kisa cha kijana wa Tanga anayeuza juisi ya ndimu. Bei nilizoweka ni za mfano. Msomaji aweke za soko lake, hesabu itabaki ileile. Kijana tumwite Hamisi. Ana miaka 14, yuko kidato cha kwanza, na ni likizo ya Juni. Shule iliyo karibu na kwao haijafungwa kabisa, kwa sababu madarasa ya mitihani yanaendelea na masomo ya ziada. Ndimu ziko kwa wingi baada ya masika. Bibi yake, mzaa mama, amekaa miaka mingi Ngamiani akiuza vitumbua, na ndiye aliyemwazima ndoo yenye koki.

Siku ya kwanza Hamisi anarudi jioni, ndoo tupu, mfuko unalia sarafu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Mbona meno yote nje?"

"Nimeuza bibi! Vikombe 36, kila kimoja 200. Nina 7,200 hapa. Ndimu nilinunua 40 kwa 2,000, na pakiti ya vikombe vya karatasi 2,500. Kwa hiyo nimepata faida 2,700."

"Mashallah. Na sukari je?"

"Sukari nilichukua ndani."

"Ndani kwa nani?"

"Kwa mama. Ilikuwepo kabatini."

"Kilo nzima?"

"Kilo nzima."

"Kesho asubuhi mama yako akitaka chai atanunua kwa nini? Kilo ni 3,000. Haya, maji ulichemshia nini?"

"Mkaa wa hapa nyumbani."

"Mkaa wa 500 huo, mimi ndiye niliyenunua. Na barafu?"

Hamisi anapunguza sauti. Barafu alichukua kwa jirani, mapande matano ya shilingi 200, akaahidi kulipa kesho.

Kosa hili analifanya mtu mzima pia. Anahesabu gharama iliyotoka mfukoni mwake kwa siku ile, basi. Kilichotoka kabatini, kilichokopwa kwa jirani na kilichokuwapo nyumbani tangu juzi hakimo kwenye hesabu, kwa sababu hakikumuuma wakati wa kukichukua. Lakini mtu fulani amekilipia. Hapa ni mama, bibi na jirani, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa kama anataka kuwanywesha juisi watoto wa shule.

Bibi anamwambia alete daftari. Kwa watu wa rika lake ni kawaida kupiga hesabu kichwani, ila anataka mjukuu azione namba kwa macho.

"Andika. Ndimu 2,000. Sukari 3,000. Mkaa 500. Barafu 1,000. Vikombe umetumia vingapi?"

"Vimebaki 12 kati ya 50."

"Basi umetumia 38. Na umeuza 36. Viwili viko wapi?"

"Niliwaonjesha rafiki zangu."

"Hao nao wameandikwa. Vikombe 38 kwa shilingi 50 ni 1,900. Na ndoo yangu?"

"Bibi, ndoo si yako? Umeniazima tu."

"Niliinunua 15,000. Koki itavuja, mfuniko utapasuka, siku moja nitanunua nyingine. Tuseme ikitunzwa itavumilia siku 150 za kuuza. Kila siku imekula 100. Weka 100."

Jumla ikawa 8,500. Mauzo ni 7,200. Hamisi akazihesabu tena, kisha mara ya tatu, akiwa na hakika kuna mahali amekosea. Hakuna. Siku aliyoiita ya faida ya 2,700 ilikuwa ya hasara ya 1,300.

Hapa tuangalie ndoo kwa karibu, kwani kuna kitu kingine kinachovuja mbali na koki. Hamisi alitengeneza lita 10: maji yaliyochemshwa lita saba na nusu, maji ya ndimu 40 ambayo ni kama lita moja, kilo ya sukari ambayo ikiyeyuka huongeza zaidi kidogo ya nusu lita, na barafu ambayo mwishowe nayo inageuka maji. Kikombe chake kinabeba robo lita. Kwa kalamu, lita 10 ni vikombe 40. Kwa mkono vikatoka 38. Kingine kilimwagika wakati wa kujaza hadi ukingoni, na nyama za ndimu zilikaa chini ya koki zisitoke. Kila biashara ya chakula ina upungufu wa namna hii, na anayepanga bei kwa vikombe 40 atakuwa amekosea kabla hajafungua. Ukigawa 8,500 kwa vikombe 36 vilivyolipiwa unapata kama shilingi 236. Kila mtoto aliyekunywa kwa 200 alibebewa shilingi 36 na nyumba ya akina Hamisi.

"Basi bibi, kesho nitauza vyote 40, nisionjeshe mtu."

"Bado utapata hasara."

"Hata nikivimaliza?"

"Hata ukivimaliza. Kaa nikuonyeshe."

Maelezo ya bibi ndiyo yanayonifanya niandike makala hii, maana ni hesabu ambayo watu wanasomea vyuoni na inaweza kuelezwa juu ya mkeka. Kuna gharama zilizokwisha kulipwa kabla hajaja mteja hata mmoja: ndimu, sukari, mkaa, barafu na ile 100 ya ndoo. Jumla yake ni 6,600. Uuze vikombe vyote au usiuze hata kimoja, 6,600 imekwenda. Halafu kuna gharama inayokuja na mteja mwenyewe, nayo ni kikombe cha shilingi 50. Mteja asipokuja, kikombe kinabaki kwenye pakiti.

Kwa hiyo anayelipa 200 hakuachii 200. Toa 50 ya kikombe, amekuachia 150. Hiyo 150 ndiyo inayokwenda kufukia shimo la 6,600. Gawanya: unahitaji wateja 44 kulijaza. Ndoo ina vikombe 40 kwa kalamu, 38 kwa mkono. Kwa bei ya 200 hakuna siku ambayo Hamisi angepata faida, hata foleni ingefika barabarani. Kuongeza wateja kusingemwokoa.

"Ukiuza 300?" bibi anauliza.

"Nitoe 50, inabaki 250. Elfu sita na mia sita gawa kwa 250..." Anaandika, anafuta. "Ishirini na sita na kitu."

"Basi kikombe cha 26 bado unalipa deni. Cha 27 ndiyo chako."

Siku ya pili Hamisi akapandisha bei hadi 300. Wanafunzi wakanung'unika. Wengine walikuwa na 200 tu wakarudi ndani, wengine wakaenda kwa muuzaji wa ubuyu. Kengele ya mwisho ilipolia alikuwa ameuza vikombe 27 kamili, na zaidi ya lita mbili zimebaki kwenye ndoo. Mauzo yalikuwa 8,100. Ukitoa 6,600 na 1,350 ya vikombe 27, faida ni 150. Alikuwa amesimama juani tangu mapumziko ya kwanza, baada ya kukamua ndimu tangu alfajiri.

"Mia na hamsini, bibi. Bora ningelala."

"Jana ulitoa 1,300 ya wenzio. Leo umepata 150 yako. Usiidharau, ila usiridhike nayo. Hivi wale waliokosa, walisemaje?"

"Walisema ni ghali. Mmoja akaniambia, mimi nina chupa yangu ya maji, nijazie humo kwa 200. Nikakataa."

"Ulikataa kwa nini?"

"Bei ni 300, bibi."

"Bei ya juisi au bei ya juisi na kikombe?"

Hamisi akanyamaza. Wateja wake wengi huja shuleni na chupa ya maji, na ikifika saa nne chupa hizo huwa tupu. Anayekuja na chupa yake hatumii kikombe cha 50. Akimuuzia kwa 250, kinachobaki mkononi ni 250. Akimuuzia mwingine kwa 300 na kikombe, kinachobaki ni 250 vilevile. Bei ni mbili lakini juisi inauzwa kwa thamani moja kwa wote, na hakuna anayempunja mwenzake. Tena yule mwenye chupa hatupi kikombe mtaroni.

Ila kuna mtego. Chupa zina ukubwa tofauti, na mtoto atataka ijazwe hadi shingoni. Bibi akamtolea kikombe kimoja cha bati kinachoingia robo lita, akamwambia kila mteja apimiwe kwa hicho mbele ya macho yake, kisha ndipo amiminiwe kwenye chupa au kwenye kikombe cha karatasi. Asipimiwe mtu kwa jicho, hata akiwa rafiki.

Siku ya tatu akabandika kadi kwenye ndoo: "Juisi ya ndimu robo lita. Ukija na chupa 250. Na kikombe 300." Wenye chupa walikuwa 24, wakaleta 6,000. Waliotaka kikombe walikuwa 13, wakaleta 3,900. Mauzo 9,900. Gharama: 6,600 pamoja na 650 ya vikombe 13, jumla 7,250. Faida 2,650.

Tazama kwamba faida hii inazidi ile ambayo angepata kama vikombe 36 vyote vingenunuliwa kwa 300, ambayo ingekuwa 2,300 tu kwa kuwa na vile viwili vya kuonjesha vingelipiwa. Na wanafunzi wengi wamelipa pungufu. Muuzaji na mnunuzi wote wamepata nafuu kwa sababu kuna gharama iliyoondolewa kweli, haikuhamishiwa kwa mtu mwingine. Huo ndio mpaka ninaoutumia mwenyewe kupima bei nafuu: niulize unafuu umetoka wapi. Ukitoka kwenye kikombe kisichotumika, sawa. Ukitoka kwenye sukari ya mama, si nafuu.

Jioni hiyo Hamisi akaja na wazo jipya, na lilimjia kwa sababu sasa anajua kuhesabu.

"Bibi, nikiongeza maji lita mbili, napata vikombe vinane zaidi. Vinane kwa 250 ni 2,000. Maji ni bure. Faida yangu inafika 4,650."

"Kweli. Hesabu yako haina kosa."

"Kwa hiyo niongeze?"

"Kadi yako imeandikwa nini?"

"Juisi ya ndimu robo lita."

"Atakayelipa 250 kesho anadhani ananunua ileile ya leo. Ukitaka kuuza nyepesi, andika nyepesi, na ushushe bei. Hapo hujamkosea mtu. Ila ukiongeza maji kimya kimya, hiyo 2,000 si faida ya kazi yako, umemtoa mtu mfukoni bila habari. Na watoto hao ni walewale kila siku. Ulimi unakumbuka."

Akaongeza jambo la pili ambalo Hamisi hakulifikiria. Maji ya kuongeza pale langoni yangetoka bombani, bila kuchemshwa. Mkaa wa 500 ndiyo gharama inayoonekana rahisi kuifuta kuliko zote, na ndiyo isiyofaa kufutwa. Vijidudu vya kuhara na vya kipindupindu husafiri kwa maji yasiyo safi. Barafu nayo ni vilevile: baridi ya jokofu haiui vijidudu hivyo kwa uhakika, na pande la barafu lililogandishwa kwa maji mabichi likiyeyuka ndani ya ndoo linaharibu maji yote yaliyochemshwa kwa taabu. Muuza juisi anayetaka kujua kama yuko salama amwulize jirani barafu ilitengenezwa kwa maji gani. Jirani akisita kujibu, achemshe mwenyewe, apoze, apeleke maji yake yakagandishwe. Gharama ikiongezeka, iingie kwenye bei.

Siku ya nne mwenzake wa lango la pili hakuja, na jua lilikuwa kali. Hamisi akaona watoto wamejazana upande wake. Akarudi nyumbani na swali.

"Leo ningeuza hata kwa 500, bibi. Walikuwa hawana pengine pa kwenda. Ningekuwa nimefanya vibaya?"

"Ndimu zilipanda?"

"Hazikupanda."

"Sukari?"

"Hapana."

"Kilichopanda ni kiu yao."

Watu wanabishana sana juu ya hili, na si wote watakubaliana na bibi. Wapo watakaosema bei inapanda palipo na uhitaji, na mteja yuko huru kukataa. Sokoni ni kweli, maana unageuka unakwenda kibanda cha pili. Langoni mwa shule mambo ni mengine. Mtoto ana dakika chache za mapumziko, haruhusiwi kuvuka barabara, na ana 300 aliyopewa asubuhi. Uhuru wake wa kukataa ni mdogo. Kwa maoni yangu, pale ambapo mnunuzi hawezi kuondoka, bei inapaswa kufuata gharama na malipo ya jasho la muuzaji, isifuate udhaifu wa mnunuzi. Hamisi alibaki kwenye 250, akamaliza ndoo kabla ya saa sita, na nadhani alifanya sawa.

Gharama ikipanda kweli, ni jambo lingine, na muuzaji hana haja ya kuona haya. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika Tanzania baada ya mvua za El Nino kuvuruga uzalishaji viwandani, mama lishe na wauza juisi hawakuwa na njia ya kubaki kwenye bei ya zamani na kipimo cha zamani. Ndimu nazo hupanda kila mwaka msimu ukipita. Bibi akampa Hamisi mtihani: "Desemba ndimu moja ikifika 150, utafanyaje?" Ndimu 40 zitakuwa 6,000 badala ya 2,000. Ongezeko la 4,000 ukiligawa kwa vikombe 37 ni kama shilingi 108 kila kimoja. Bei ya wenye chupa itakaribia 360, na lango litakuwa tupu. Hamisi akafikiri akajibu kwamba Desemba Tanga imejaa maembe, basi atauza juisi ya embe. Bibi akacheka akampiga bega.

Kilichobaki ni mahali pa kuweka fedha, na hapa bibi hakucheka kabisa. Alimpa makopo mawili. La kwanza ni la mtaji: kila jioni irudi humo gharama yote ya siku, ikiwemo ile 100 ya ndoo, na kutoka humo mama arudishiwe 3,000 yake ya sukari na jirani 1,000 yake ya barafu. Linalobaki baada ya hapo ndilo linaloingia kopo la pili, na hilo tu ndilo Hamisi anaweza kulinunulia kitu. Anayeweka zote mfuko mmoja anakula mtaji bila kuhisi njaa. Dalili yake huonekana sokoni: Jumatatu alinunua ndimu 40 kwa fedha taslimu, wiki inayofuata ananunua 30, ya tatu anakopa 20, huku mauzo ya kila siku yakionekana mazuri. Ukiona mzigo unapungua na hujui kwa nini, simama uhesabu upya kabla hujalaumu wateja.

Na je, 2,650 ni malipo mazuri? Kukamua, kuchemsha, kupoza, kusimama langoni na kuosha ndoo ni kama saa tano. Ni shilingi 530 kwa saa. Hamisi ana haki ya kujua namba hiyo, kwa sababu siku moja atachagua kati ya kuuza na kusoma, na inafaa achague akiwa amefungua macho. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isiyodhuru afya wala kuzuia masomo. Chini ya umri huo, ndoo ikae na mtu mzima.

Mzazi ambaye mwanawe ameanza biashara ya namna hii, usimpe sukari bure ukadhani unamsaidia. Mkopeshe kilo hiyo, iandike kwenye daftari lake kwa bei ya duka, na umdai jioni.